"Mfumo umenikataa": kuandika tiketi ya kushindwa kuingia ikaeleweka mara ya kwanza

Msimu wa korosho ukifunguliwa, dawati la msaada la mfumo wowote unaotumiwa na vyama vya msingi Mtwara na Lindi hupokea tiketi za namna hii:

> Habari za kazi. Naomba msaada, mfumo umenikataa tangu saa 8. Nimebadilisha nenosiri lakini wapi. Mizigo imejaa ghalani na wakulima wanasubiri.

Aliyeandika anasema kweli tupu, ila anayepokea hana pa kuanzia. Hajui saa 8 ipi, mfumo ulimkataa kwa maneno gani, kwenye simu au kompyuta, wala nenosiri lilibadilishwa kabla au baada ya kukataliwa. Atajibu kwa maswali, karani ataona jibu jioni baada ya kumaliza kupima mizigo, na siku imeisha hivyo.

Mwongozo huu unaichukua tiketi hiyohiyo na kuitengeneza. Mfumo wenyewe hatuutaji, kwa sababu mambo haya ni yaleyale kwenye mfumo wa ghala, wa shule, wa zahanati au wa halmashauri.

Anayesoma tiketi anatafuta nini

Kila mara unapojaribu kuingia, seva huandika mstari mmoja kwenye kumbukumbu zake: muda, jina la mtumiaji, hatua uliyofikia na matokeo. Fundi akisoma tiketi, kazi yake ya kwanza ni kuupata mstari wako katikati ya maelfu ya mistari ya watu wengine. Akiupata, nusu ya jibu anayo. Asipoupata, hiyo nayo ni habari kubwa, kwani ina maana ombi lako halikuifikia seva kabisa, na tatizo liko kwenye mtandao au kwenye kifaa chako.

Kwa hiyo muda ndio unaoanza, na ndio unaokosewa zaidi.

Saa 8 ipi?

Sisi tukisema saa 8 mchana, kompyuta inasema 14:00. Tukisema saa 2 asubuhi, inasema 08:00. Karani akiandika "saa 8" bila neno lingine, fundi anaweza kutafuta 08:00, akakuta karani huyohuyo aliingia salama asubuhi, kisha akajibu: "Mbona uliingia vizuri?" Hapo ugomvi unaanza na wote wawili wana haki.

Juu ya hilo, seva nyingi huandika kumbukumbu zake kwa saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya Tanzania kwa saa 3. Saa 8 mchana yako ni 14:00 kwenye simu na 11:00 kwenye kumbukumbu. Kupiga hesabu hiyo si kazi yako, ni ya fundi, lakini hawezi kuipiga kama hajui ulianzia wapi.

Andika tarakimu kama zinavyoonekana kwenye kona ya skrini, kwa mfumo wa saa 24, na uongeze kipindi cha siku: "21/10/2025, 13:52, mchana". Kama simu yako inaonyesha saa 12 pamoja na AM na PM, nakili hivyohivyo: "1:52 PM". Usiigeuze kichwani, maana ndipo makosa yanapoingilia.

Usiku wa manane una mtego wake. "Jumanne usiku saa 7" kwa wengine ni usiku wa kuamkia Jumanne, kwa wengine ni wa kuamkia Jumatano, na kwa seva ya UTC saa 7:30 usiku ni 22:30 ya tarehe iliyotangulia. Ukiandika tarehe na tarakimu za skrini, hakuna atakayebahatisha.

Usahihi wa dakika 2 au 3 unatosha. Ikiwa hukuangalia saa wakati ule, jaribu kuingia mara moja tena huku ukiitazama, uandike muda wa jaribio hilo. Mara moja tu.

Maneno ya kosa: la kwanza na la mwisho

"Imegoma", "imenikataa" na "inazunguka tu" ni hali tatu tofauti, na kila moja ina chanzo chake. Ujumbe wa kosa nakili neno kwa neno, kwa Kiingereza chake, pamoja na namba na alama zilizomo. Usiutafsiri hata kama unaelewa vizuri, kwa kuwa fundi anautafuta ujumbe huo kama ulivyoandikwa ndani ya programu.

Jambo linalosahaulika ni kwamba ujumbe hubadilika kadiri unavyoendelea kujaribu. Karani wetu hapo juu aliona kwanza `Invalid verification code`. Akajaribu tena na tena, mwisho akaona `Account locked`. Alipompigia mtu wa ofisini akasema akaunti imefungwa. Kweli imefungwa, lakini kufungwa kumeletwa na majaribio mengi. Ugonjwa ulikuwa kwenye ujumbe wa kwanza. Fundi akifungua akaunti bila kujua hilo, baada ya dakika chache itafungwa tena. Andika zote mbili kwa mfuatano: kwanza niliona hivi, baadaye hivi.

Picha ya skrini inasaidia sana, hasa ikiwa hujaikata. Ule ukanda wa juu wenye saa, jina la mtandao na chaji, pamoja na sehemu ya anwani ya tovuti, ndivyo fundi anavyovitazama kwanza. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, maana picha ya kawaida hupunguzwa ubora na yale maandishi madogo ya kijivu chini ya ukurasa, ambayo mara nyingi ndiyo namba ya kosa, hayasomeki. Kabla ya kutuma hakikisha alama ya jicho kwenye nenosiri haijafunguliwa. Nenosiri na zile namba 6 za uthibitisho haviandikwi kwenye tiketi kamwe, na fundi wa kweli haviombi.

Dalili na kinachopaswa kuandikwa

*Ukurasa haufunguki kabisa.* Ukiona `ERR_INTERNET_DISCONNECTED`, kifaa chenyewe hakina mtandao: bando limeisha, data imezimwa, au Wi-Fi imekatika. Ukiona `DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN`, jina la tovuti halikupatikana; soma anwani herufi kwa herufi kabla ya kulaumu mtu. `ERR_CONNECTION_TIMED_OUT` maana yake kifaa kilisubiri jibu mpaka kikachoka. Kwenye hali hizi zote, jaribu laini ya mtandao mwingine na uandike jina la kila mtandao na matokeo yake. Nenosiri halihusiki hapa, kwa sababu hata hukufika mahali pa kuliandika, na kulibadilisha ni kujiongezea tatizo la pili.

*Ukurasa unafunguka, unaonyesha `502 Bad Gateway` au `503 Service Unavailable`.* Hilo ni la upande wa seva. Andika muda, waulize makarani wawili wa vyama jirani kama wanaliona, kisha tulia. Tiketi moja inatosha.

*`Invalid username or password`.* Mfumo hausemi kipi kimekosewa kati ya viwili, na haufanyi hivyo kwa uzembe: ungesema jina ni sahihi, mwizi angejua abaki kubahatisha nenosiri tu. Kwa hiyo wewe ndiye wa kupunguza uwezekano. Kibodi ya simu hupenda kuanza na herufi kubwa, na ikikamilisha neno huacha nafasi tupu mwishoni mwa jina, isiyoonekana kwa macho. Kivinjari nacho kinaweza kuwa kinajaza nenosiri la zamani kililolihifadhi. Futa vyote, andika kwa mkono, bonyeza jicho uone ulichoandika, kisha ujaribu mara moja. Kwenye tiketi sema kama uliandika kwa mkono au kilijijaza, na lini mara ya mwisho uliingia vizuri. Kama akaunti mnaitumia wawili, sema hivyo hata kama hairuhusiwi. Mara nyingi mwenzako kabadilisha nenosiri, na fundi ataliona tu kwenye kumbukumbu.

*`Your clock is behind`, na chini yake `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`.* Hii ni ya kompyuta za mezani za ofisini. Umeme ukikatika, tarehe inarudi miaka nyuma, na kivinjari kinakataa cheti cha usalama cha tovuti kwa kuwa kwa hesabu yake muda wa cheti haujaanza. Rekebisha tarehe, utaingia. Ikirudi tena kila umeme unapokatika, betri ndogo ya duara kwenye ubao mama imekufa. Kwa kompyuta nyingi ni CR2032 ya volti 3. Kwenye tiketi andika tarehe iliyokuwa ikionekana kwenye kompyuta kabla hujairekebisha.

*Nenosiri linakubaliwa, namba za uthibitisho zinakataliwa.* Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndiyo iliyomkuta karani wetu, na upande huu wa kusini ina chanzo ambacho fundi aliyeko Dar es Salaam au Dodoma si rahisi akakifikiria.

Simu ya kandokando ya Ruvuma

Programu inayotoa namba 6 kwenye simu haiwasiliani na seva. Simu na seva zina siri moja ya pamoja, na kila moja inaichanganya na muda wa sasa ili kupata namba. Namba hubadilika kila sekunde 30. Seva kwa kawaida huvumilia simu iliyochelewa au kutangulia kwa hatua moja hivi. Ikizidi hapo, namba ni batili, hata ukiziandika bila kosa.

Sasa, Msumbiji iko nyuma ya Tanzania kwa saa 1: sisi tuko GMT+03:00, wao GMT+02:00. Kwenye vijiji vya kandokando ya mto, kuanzia Kilambo hadi Mtambaswala, simu inaweza kunasa mnara wa ng'ambo na kujigeuzia majira ya saa. Mwenye simu anaona saa imerudi nyuma. Anaingia kwenye mipangilio, anazima saa ya kujipanga yenyewe, anasogeza mbele saa 1. Sasa skrini inaonyesha vizuri, sawasawa na saa ya ukutani.

Lakini majira yamebaki GMT+02:00. Simu inaamini kuwa iko Msumbiji na kwamba huko ni 13:52, kumbe huko ni 12:52. Kwa hesabu ya UTC, ambayo ndiyo inayotumika kutengeneza namba, simu imetangulia kwa saa nzima, yaani hatua 120 za sekunde 30. Namba zote zitakataliwa, na kuitazama saa hakutakuonyesha kosa lolote.

Angalia kuwa mabadiliko ya majira peke yake hayaharibu namba. Simu ingeachwa ilivyo, ikionyesha 12:52 ya Msumbiji, namba zingekubalika, kwani UTC yake ilikuwa sahihi. Kilichoharibu ni kurekebisha saa bila kurekebisha majira.

Hivi ndivyo kumbukumbu za seva zinavyoonekana kwa kisa hiki:

```
2025-10-21T10:52:31Z user=karani07 step=password result=ok
2025-10-21T10:52:58Z user=karani07 step=otp result=rejected
2025-10-21T10:55:40Z user=karani07 step=otp result=rejected
2025-10-21T11:04:12Z user=karani07 step=otp result=locked
```

Herufi `Z` mwishoni inaonyesha saa ya UTC. Ongeza 3: mstari wa kwanza ni 13:52, yaani saa 7:52 mchana, na wa mwisho ni 14:04. "Tangu saa 8" aliyoiandika karani ni wakati akaunti ilipofungwa. Tatizo lilianza dakika 12 kabla, na nenosiri alilohangaika kulibadilisha lilikuwa `ok` tangu mwanzo.

Kifaa: jina, toleo na majira

"Natumia simu" haitoshi. Andika aina na modeli, toleo la Android (lipo kwenye Settings, chini ya About phone), kivinjari, na mtandao uliokuwa ukitumia wakati ule. Kama ni kishikwambi cha chama, taja hivyo. Kwa tatizo la namba za uthibitisho ongeza kitu kimoja: fungua Date & time, piga picha ukurasa mzima, ili ionekane kama saa inajipanga yenyewe na majira ni GMT ngapi. Majina ya vitufe hutofautiana kidogo simu hadi simu, lakini ukurasa huo upo kwenye zote.

Ulichokwisha kujaribu

"Nimejaribu kila kitu" humlazimisha fundi akuanzishe upya. Orodhesha kwa mpangilio ulioufuata, na kila hatua iwe na matokeo yake, hata kama matokeo ni "hakuna kilichobadilika".

Kuna majaribio mawili yenye thamani kuliko mengine yote: akaunti yako kwenye kifaa cha mwenzako, na akaunti ya mwenzako, akiiandika mwenyewe, kwenye kifaa chako. Ikiwa yako inakataa kila mahali na yake inakubali kila mahali, tatizo lipo kwenye akaunti. Ikiwa kifaa chako kinawakataa wote wawili, tatizo ni kifaa au mtandao wake. Kwa namba za uthibitisho, hata hivyo, kumbuka kwamba namba zinatoka kwenye simu ileile. Ukihamia kompyuta ya ofisi huku ukisoma namba kwenye simu yenye majira mabovu, utakataliwa hukohuko. Kwa hiyo andika kifaa ulichoingilia na simu iliyotoa namba, kila kimoja peke yake.

Yapo pia ya kutofanya kabla hujatuma tiketi. Usifute programu ya namba ili uisakinishe upya. Ile siri ya pamoja inaweza kufutika nayo, na hapo hata saa ikirekebishwa huna namba. Itabidi msimamizi akusajili upya. Usiendelee kujaribu akaunti iliyofungwa, kwa sababu kwenye mifumo mingine kila jaribio huanzisha upya muda wa kusubiri. Na usibadilishe nenosiri kama ulishaona ukurasa wa kuomba namba: kufika hapo tayari kunathibitisha kuwa nenosiri limekubaliwa.

Tiketi ileile, imeandikwa upya

> Kichwa: karani07: namba za uthibitisho zinakataliwa, kisha akaunti imefungwa, tangu 21/10/2025 13:52
>
> Habari za kazi. Ni karani wa chama cha msingi, niko kijijini karibu na Kilambo. Mara ya mwisho niliingia vizuri jana 20/10/2025 jioni, kwa vifaa hivihivi.
>
> Muda: leo 21/10/2025, 13:52 mchana kwa saa ya simu, ambayo inalingana na saa ya ukutani. Akaunti imefungwa saa 14:04.
>
> Ujumbe: nenosiri linapita. Nikiweka namba 6 inaandika `Invalid verification code`. Baada ya majaribio kadhaa ikaandika `Account locked`. Picha mbili nimeambatisha, hazijakatwa.
>
> Kifaa: kishikwambi cha chama, Android 13, Chrome. Namba natoa kwenye simu yangu, Android 11. Asubuhi simu ilirudi nyuma saa 1 yenyewe nikairekebisha kwa mkono. Picha ya Date & time ipo.
>
> Nilichojaribu: 1. Nimesubiri namba mpya nikaiweka mara moja: imekataliwa. 2. Nimebadilisha laini ya mtandao: imekataliwa vilevile. 3. Mwenzangu ameingia kwa akaunti yake kwenye kishikwambi hikihiki: ameingia. 4. Baada ya kukataliwa nimebadilisha nenosiri: hakuna kilichobadilika.
>
> Athari: mizigo ya leo haijaandikwa. Napatikana kwa simu hadi saa 12 jioni (18:00).

Mstari wa "asubuhi simu ilirudi nyuma" karani angeweza kuuona hauna maana na kuuacha, kumbe ndio unaobeba jibu. Kitu chochote kilichobadilika kati ya mara ya mwisho ulipoingia na mara ya kwanza ulipokataliwa kiandike, hata kama hukioni kinavyohusika: simu imeanguka, umebadilisha laini, umeme ulikatika, programu imejisasisha usiku.

Kuhusu athari, sentensi moja ya ukweli inatosha. "HARAKA SANA" kwa herufi kubwa huandikwa kwenye kila tiketi wakati wa msimu, kwa hiyo haiisogezi yako popote. "Mizigo ya leo haijaandikwa" inaisogeza.

Fundi akijibu

Kwa tiketi hii jibu linaweza kuja kwa mistari miwili: "Dada, weka majira GMT+03:00, washa saa ya kujipanga yenyewe, zima majira ya kujipanga. Akaunti nimeifungua, jaribu sasa." Mpangilio huo una sababu. Saa ikijipanga yenyewe UTC inakuwa sahihi, na majira yakifungwa kwenye GMT+03:00 mnara wa ng'ambo hautaigeuza tena. Simu ambazo haziruhusu kutenganisha hivyo viwili, acha zote zijipange zenyewe na uvumilie skrini ikirudi nyuma saa 1 unapokuwa mtoni, namba zitakubalika.

Subiri namba mpya itokee kabla ya kujaribu, usitumie ile iliyokuwa kwenye skrini wakati wa kubadilisha saa. Ukiingia, jibu kwenye tiketi hiyohiyo, usifungue nyingine, na uandike kilichosaidia na muda: "Nimeingia 15:20 baada ya kuweka GMT+03:00." Ukikataliwa tena, andika muda mpya na ujumbe mpya, hata kama ni maneno yaleyale, kwa sababu fundi ataenda kutafuta mstari mwingine.